Mbuzi zinarudishwa, na picha je? Namna ya kumwandikia mwenzi wa zamani afute picha za siri

Uchumba ukivunjika hapa kwetu, kila mtu anajua kazi ya kufanya. Familia mbili zinaketi, wazee wanazungumza, mbuzi zinahesabiwa, mahari inarudishwa yote au nusu kufuatana na makosa ya kila upande. Hata pagne na viatu vinaweza kutajwa mbele ya shangazi na baba mkubwa. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuna mzee anayekitaja, kwa sababu hajui kwamba kipo: picha ambazo wawili hao walitumiana kwa simu usiku, wakati walipokuwa wakipendana.

Mezi michache iliyopita dada mmoja wa Butembo alikuja kuniona na simu yake mkononi. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na jina lake nalificha. Aliachana na mchumba wake bila vita. Mwanaume alihamia Bunia kwa kazi, mapenzi yakapoa, kila mtu akaenda njia yake. Sasa dada huyu alikuwa anajiandaa kuolewa na mtu mwingine. Hakuwa amepata kitisho chochote. Aliniuliza tu: «Kaka, namna gani naweza kumuomba afute picha zangu bila kuamsha matatizo?»

Nimeona swali hili linastahili jibu la wazi, kwa sababu tunazoea kuzungumza juu ya picha za siri wakati zimekwisha kutoka, wakati kartye yote imeziona. Mimi nasema kwamba kazi kubwa iko kabla ya pale. Mapenzi yakiisha, kufuta picha za mwenzako ni deni, kama vile kurudisha kitu cha mtu. Na yule anayedai deni hilo ana haki ya kuliandika kwa maneno yaliyo wazi, bila haya na bila kupiga magoti.

Hatari haitoki kwa adui peke yake

Tukisikia picha za mtu zimetoka, tunafikiri mara moja juu ya mwanaume mwenye hasira anayetaka kulipiza kisasi. Wapo wa namna hiyo. Lakini kuna njia nyingine ambazo hazihitaji ubaya wowote wa moyo. Simu inavunjika kioo, inapelekwa kwa fundi sokoni pamoja na kodi yake ya kufungulia, na fundi anabaki nayo siku mbili. Simu ya zamani inapewa mdogo mtu bila kusafishwa. Kadi ya memori inatolewa na kuwekwa katika redio ya mama. Bibi mpya anafungua galeri ili atafute picha ya harusi ya rafiki. Katika mambo hayo yote, mwenye simu hakutaka kumwaibisha mtu. Alisahau tu.

Ndiyo maana ujumbe wa kuomba picha zifutwe haupaswi kuandikwa kama mashtaka. Mtu aliyesahau hahitaji kutukanwa, anahitaji kukumbushwa na kuonyeshwa mahali pa kutafuta. Na mtu mwenye nia mbaya, ujumbe hautamgeuza kuwa malaika, lakini utaacha alama yenye tarehe kwamba siku fulani uliondoa ruhusa yako. Kwa wote wawili, ujumbe uleule wenye utulivu ndio unaofaa.

Kabla ya kuandika: hesabu

Jambo la kwanza nililomuomba dada huyu lilikuwa kutokufuta mazungumzo yao ya WhatsApp, maana alikuwa tayari kufanya hivyo kwa hasira. Tulifungua mazungumzo, tukagusa jina la mwanaume lililo juu, tukaingia mahali ambapo picha na video zote walizotumiana zimekusanywa. Tuliandika kwenye karatasi: picha 11 na video fupi mbili, pamoja na mwezi kila moja ilipotumwa. Hakuna aliyehitaji kuziangalia moja moja. Lengo lilikuwa kujua idadi na kipindi, kwa sababu mtu akiombwa «futa zote» bila hesabu, atafuta tatu anazokumbuka na kusema amemaliza.

Aliniuliza kama hawezi kuzifuta mwenyewe kutoka upande wake. Kwenye WhatsApp kuna neno *Supprimer pour tous*, lakini linafanya kazi kwa muda wa karibu siku mbili na nusu tu tangu ujumbe utumwe. Picha zake zilikuwa za mwaka mzima uliopita. Na hata ndani ya muda huo, kama simu ya mwenzako imekwisha kuiweka picha katika galeri, kuufuta ujumbe hakuhakikishi kwamba picha ya galeri itakwenda nayo. Kwa hiyo hakukuwa na njia nyingine: ilibidi mwenye simu ya Bunia azifute kwa mkono wake mwenyewe.

Tuliangalia pia kama *Messages éphémères* imewashwa katika mazungumzo yao. Hiyo ni ile namna ya ujumbe kujifuta wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Ilikuwa imewashwa kwa siku 7. Tuliizima, kwa sababu jibu la mwanaume lingejifuta pamoja na ombi lenyewe, na dada angebaki bila alama yoyote. Wengi wanafikiri kwamba kwa kuwasha namna hiyo picha zao ziko salama. Hapana. Picha iliyokwisha kuingia katika galeri ya mwenzako haijifuti pamoja na ujumbe. Na hata picha ya *Vue unique*, ambayo WhatsApp inazuia isipigwe kwa skrini, inaweza kupigwa kwa simu ya pili iliyoshikwa juu yake.

Picha moja, nyumba nyingi

Ili ujumbe uwe na maana, unapaswa kutaja mahali. Picha moja iliyotumwa kwa WhatsApp inaweza kuwa na makao manne au matano kwa mtu mmoja, bila yeye kujua.

Makao ya kwanza ni mazungumzo yenyewe. Ya pili ni galeri ya simu, maana kwenye simu nyingi za Android WhatsApp inaweka nakala katika folda inayoitwa *WhatsApp Images*, na galeri inaionyesha. Mtu anaweza kufuta mazungumzo yote na picha ikabaki galerini, kama hakukubali zifutwe pamoja pale simu ilipomuuliza.

Makao ya tatu ndiyo yanayodanganya watu wengi zaidi: Google Photos. Kama mtu amewasha uhifadhi wa picha na folda ya WhatsApp imo ndani yake, picha zinapanda kwenye akaunti yake ya Google kila anapopata konekisyo nzuri. Siku ambayo simu imejaa, programu inampendekezea *Libérer de l'espace*. Anakubali, picha zinaondoka kwenye simu, na yeye anafikiri zimekwisha. Kumbe zimetoka kwenye simu peke yake. Akaunti bado inazo, na atakayefungua akaunti hiyo kwenye kompyuta ya kazini ataziona. Vilevile mtu akifuta picha kwa kutumia galeri nyingine ya simu, nakala iliyopanda Google inaweza kubaki pale pale. Inabidi afungue Google Photos yenyewe, afute humo, kisha aingie katika *Corbeille* na kuisafisha. Asipoisafisha, picha iliyohifadhiwa inabaki katika pipa hilo siku 60. Kwa wenye iPhone kuna pipa la namna hiyo, *Supprimés récemment*, ambalo linashika picha mpaka siku 30.

Makao ya nne ni hifadhi ya mazungumzo ya WhatsApp iliyo katika akaunti ya Google. Mtu akifuta mazungumzo leo, hifadhi ya juzi bado inayo. Anapaswa kufanya hifadhi mpya baada ya kufuta, ili ya zamani ibadilishwe. Ya tano ni vitu vinavyoshikwa mkononi: kadi ya memori, simu ya zamani, funguo ya USB, kompyuta ambayo WhatsApp ilifunguliwa.

Najua orodha hii inaweza kuonekana ndefu kwa mtu anayetaka kuandika sentensi mbili tu. Lakini ninaitoa kwa sababu hapo ndipo mtu mwenye nia njema anaposhindwa. Anasema «nimefuta», na anasema kweli kama anavyoelewa yeye. Lakini picha bado ziko.

Ujumbe wenyewe

Dada huyu alikuwa ameandika kwanza ujumbe mrefu wa karibu ukurasa mzima. Ulianza na kumbukumbu za mapenzi, ukapita katika makosa ya mwanaume, ukamaliza na sentensi hii: «Ukizitoa utaona kitakachokupata.» Tuliuweka pembeni. Huu hapa ndio aliotuma, na alinikubalia niuchapishe:

«Habari yako. Nakuandikia kwa jambo moja tu. Wakati tulipokuwa pamoja nilikutumia picha 11 na video 2 ambazo zilikuwa za sisi wawili. Ruhusa ya kuwa nazo imekwisha, na sikubali zionyeshwe wala zipewe mtu yeyote. Nakuomba uzifute zote, pamoja na nakala: katika mazungumzo yetu, galeri, Google Photos na Corbeille yake, kadi ya memori, kompyuta, na simu yako ya zamani. Ukimaliza, fanya hifadhi mpya ya WhatsApp ili ya zamani iondoke. Kama kuna mtu uliyemtumia, niambie ukweli, na umuombe naye afute. Usinirudishie picha hata moja. Mimi nimekwisha kufuta zako zote jana. Nakuomba unijibu kwa maandishi kabla ya Jumapili jioni kwamba umefuta. Nakutakia heri katika kazi yako.»

Angalia kwanza kile ambacho hakimo. Hakuna neno linaloeleza picha ziko namna gani. Ujumbe unaweza kupigwa picha ya skrini na kupelekwa kwa watu, kwa hiyo uandike kama utakaosomwa siku moja na shangazi yako au na hakimu, na usione haya kwa neno hata moja. Anayeupokea anajua ni picha zipi, na idadi inatosha.

Hakuna kitisho. Ukiandika «nitakutumia vijana wa kartye», umempa yeye karatasi ya kukushtaki wewe. Hakuna pesa pia. Kuna watu wanaoandika: «Niambie unataka ngapi ili ufute.» Usifanye hivyo hata kama una uwezo. Picha haiishi kwa kulipiwa, maana anayelipwa anaweza kubaki na nakala, na sasa amejua kwamba uko tayari kutoa. Mwezi ujao atahitaji tena.

Hakuna ombi la kurudishiwa picha. Wengi wanasema «nitumie zote kisha ufute», wakifikiri ni kama kurudisha barua. Picha ya simu hairudi. Inazaliwa upya kila inapotumwa, na nakala inabaki nyuma. Kwa sababu hiyohiyo usimuombe akutumie picha kama ushahidi kwamba anaifuta.

Sasa angalia kilichomo. Kuna sentensi «ruhusa imekwisha, na sikubali». Hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote, na haipaswi kukosa. Kesho picha zikitoka, mwanaume hataweza kusema: «Alinipa mwenyewe, hakunikataza.» Alipewa ili aziangalie yeye, na sasa amekatazwa kwa maandishi yenye tarehe.

Kuna swali juu ya watu wengine. Linaumiza kuuliza na linaumiza kujibiwa, lakini bila swali hilo yule mwingine habaki katika hesabu ya mtu yeyote.

Kuna pia neno kwamba yeye mwenyewe amefuta za mwanaume. Hilo lilikuwa kweli, maana tulilifanya kwanza, kwenye galeri, kwenye Google Photos na kwenye pipa lake. Ukidai deni huku unashika la mwenzako, ujumbe wako hauna nguvu. Mwishoni kuna siku ya mwisho iliyotajwa kwa jina. «Haraka iwezekanavyo» haina siku, na isiyo na siku haifiki.

Tuliutuma Jumatano saa kumi jioni, si usiku. Ujumbe wa mpenzi wa zamani unaofika saa tano za usiku unasomwa kama mwaliko, au unasomwa na bibi aliyelala kando. Na ulitumwa na dada mwenyewe. Alitaka kumtuma rafiki yake aliyeko Bunia akaseme kwa mdomo, nikamwambia kwamba kila mtu anayeambiwa juu ya picha hizo ni mtu mmoja zaidi anayejua kwamba zipo.

Alichojibu

Mwanaume alijibu Ijumaa. Neno la kwanza lilikuwa: «Nilikwisha kuzifuta zamani.» Kisha baada ya saa mbili akaandika tena. Alikuwa amefungua Google Photos kwenye kompyuta ya kazini, akakuta sita kati ya zile 11 bado zimo, maana alizifuta kwa galeri ya simu tu. Alizifuta na kusafisha pipa. Simu ya zamani alikuwa amempa mdogo wake huko Beni, na kadi ya memori ikiwa bado ndani. Alimuomba mdogo wake amrudishie kadi, na wiki iliyofuata akaandika kwamba ameipata na kuisafisha.

Huyu hakuwa mtu mbaya. Kama dada asingetaja mahali kwa majina, mwanaume angelala na neno lake la kwanza, naye angelilala nalo kwa dhamiri safi, na kadi ingebaki mikononi mwa kijana wa miaka 16.

Dada alipiga picha za skrini za mazungumzo hayo, namba ya simu na tarehe zikionekana, akazihifadhi. Ndipo akaacha kumwandikia. Hakuuliza tena na tena «umefuta kweli?», kwa sababu swali hilo halina jibu linaloweza kutuliza. Na hapa niwe mkweli kwa msomaji: hakuna njia ya kuhakikisha kutoka mbali kwamba mtu amefuta. Hata ukishika simu yake mkononi mwako, huwezi kushika akaunti zake zote. Ujumbe unapunguza hatari na unaweka haki yako wazi. Hauwezi kufanya zaidi ya hapo.

Akikaa kimya, au akianza kutisha

Akikaa kimya, mwandikie mara ya pili baada ya siku ya mwisho kupita, sentensi mbili tu: nilikuandikia tarehe fulani, bado nasubiri jibu lako. Kisha simama. Ujumbe kumi unageuza haki yako kuwa usumbufu.

Akijibu kwa masharti, «njoo tuonane kwanza», «tuma pesa», «rudi kwangu», basi hatuko tena katika ombi. Usiende, usitume, usibishane. Piga picha za skrini za maneno yake kabla ya kumfungia namba. Mtu aliyekupiga au aliyekutisha zamani usimwandikie ujumbe huu kabisa peke yako, kwa sababu utamkumbusha silaha aliyosahau. Kwa huyo, anza na avoka. Na kama wewe hujatimiza miaka 18, au ulikuwa hujaitimiza picha zilipopigwa, mwambie mtu mzima unayemwamini mapema, maana sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kwa ukali picha za namna hiyo za watoto, hata kama wawili walipendana.

Kwa watu wazima pia sheria haikukaa kimya. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri na usiri wa mawasiliano yake. Tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna Kodi ya Nyumeriki, ambayo inagusa data za mtu binafsi na makosa yanayofanywa kwa njia ya mitandao. Kodi ya adhabu ya zamani nayo inaadhibu kusambaza picha zilizo kinyume na adabu njema. Lakini kuna jambo ambalo watu wanakutana nalo: dada anaingia kituoni kulalamika, na swali la kwanza analoulizwa ni kwa nini alipiga picha hizo. Ndiyo sababu ni vizuri kupita kwanza kwa avoka, akakuandikia malalamiko. Baraza la mawakili lina ofisi ya ushauri wa bure, inayojulikana kama *bureau de consultations gratuites*, kwa ajili ya wasio na uwezo wa kulipa.

Kuna pia ulinzi mmoja wa kimtandao ambao wachache wanaujua. Tovuti ya StopNCII.org, iliyoanzishwa mwishoni mwa 2021, inasaidia mtu mwenye miaka 18 au zaidi ambaye picha zake za siri zimetoka au zinaweza kutoka. Unachagua picha kwenye simu yako mwenyewe, na simu inaitengenezea alama ya tarakimu, kama alama ya kidole. Alama hiyo peke yake ndiyo inayotumwa, picha haiondoki kwako. Mitandao inayoshiriki, miongoni mwao Facebook, Instagram na TikTok, inaitumia kutambua na kuzuia picha hiyo mtu akijaribu kuiweka. Ina mipaka: haiwezi kuona ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, na picha iliyobadilishwa sana inaweza kupita. Na inahitaji uwe na picha yenyewe. Kwa hiyo wewe uliye na wasiwasi, tengeneza alama kwanza, ndipo ufute nakala zako. Dada wa Butembo alifanya hivyo kabla ya kusafisha simu yake. Kwa wasiotimiza miaka 18 kuna huduma ya namna hiyo inayoitwa Take It Down.

Neno kwa anayepokea

Nimeandika kwa ajili ya anayeomba, lakini anayeombwa ndiye mwenye ufunguo. Ndugu yangu, na dada yangu pia, kwa maana wanaume nao wana picha zao mahali fulani: ukipokea ujumbe kama huu, usiusome kama tusi. Usijibu «kwani huniamini?», kwa sababu hilo silo swali uliloulizwa. Usijibu pia kwamba ni kumbukumbu zako. Mwili wa mtu mwingine si kumbukumbu yako baada ya yeye kukuomba uiachie.

Chukua nusu saa. Fungua kila mahali palipotajwa, futa, safisha pipa, fanya hifadhi mpya, kisha andika maneno machache: «Nimefuta zote, sikumtumia mtu.» Kama ulimwonyesha mtu, sema. Ni afadhali aibu ya dakika tano kuliko uongo atakaougundua siku ya harusi yake. Na mtu mwenye heshima hangoji ujumbe. Siku mnapoachana, anafanya kazi hiyo yeye mwenyewe na kumjulisha mwenzake.

Nawaambia pia wazazi na wazee wanaoketi kuvunja uchumba: hamna haja ya kuona wala kujua kilichomo katika simu za watoto. Lakini mnapohesabu mbuzi, mnaweza kuongeza sentensi moja bila kumwaibisha mtu: «Na kila mmoja afute kwenye simu yake vitu vyote vya mwenzake.» Kijana atainamisha kichwa, msichana ataangalia chini, na wote wawili watakuwa wameelewa.

Dada wa Butembo ameolewa. Mume wake anajua, alimwambia mwenyewe kabla ya harusi, kwa uamuzi wake. Aliniambia kwamba bado kuna siku simu inalia kwa namba asiyoijua na moyo unadunda. Lakini ana jibu la mwanaume wa Bunia, lenye tarehe, na alikuwa na karatasi yake ya hesabu: picha 11, video mbili. Karatasi hiyo aliichoma jikoni mwake siku alipopata habari ya kadi ya memori.